Waya wavutwa kwa nyutoni 600 ilhali mzigo wote ni nyutoni 420

*"Mhandisi, mimi ni fundi wa kuchomelea na jioni ninajisomea fizikia ya kidato cha sita. Boriti ya mlalo yenye urefu wa mita 2 na kilo 12 imeshikwa ukutani kwa bawaba. Ncha yake imefungwa waya unaopanda hadi ukutani, ukifanya pembe ya nyuzi 30 na boriti. Kibao cha kilo 30 kinaning'inia mita 1.6 kutoka ukutani. Kwa g = 10 nimepata mvutano wa waya nyutoni 600, lakini mzigo wote ni nyutoni 420 tu, nikaona lazima nimekosea. Kwenye bawaba nimepata nyutoni 120 kwenda juu, kwa kuwa mizigo yote ni ya wima. Kitabu kinasema 533. Kosa liko wapi? Ninauliza pia kwa sababu nataka kutundika kibao kama hicho mimi mwenyewe."*

Ndugu yangu, kwenye waya hukukosea popote. Nyutoni 600 ndilo jibu, na hata zile nyutoni 120 za bawaba ni sahihi, ila hazijakamilika. Kilichokupoteza ni wazo moja ambalo nimelikuta kwa wanafunzi wengi na kwa mafundi wazoefu pia, kwamba mizigo ikiwa ya wima basi kila kinachoibeba nacho kitaibeba kwa wima. Wazo hilo ni kweli kwa meza yenye miguu minne. Kwa boriti iliyoshikwa na waya wa mshazari si kweli, na sababu yake imo ndani ya waya wenyewe.

Waya una tabia moja tu: huvuta, tena kwa kufuata mstari wake. Hauwezi kusukuma, wala hauwezi kuvuta kwa wima ikiwa wenyewe umelala kwa nyuzi 30. Kwa hiyo ukiutaka uinue ncha ya boriti, hauna budi kuivuta ncha hiyo kuelekea ukutani kwa wakati uleule. Katika nyutoni 600 ulizopata, sehemu inayoinua ni 600 × sin 30°, yaani nyutoni 300 peke yake. Sehemu nyingine, 600 × cos 30°, ambayo ni nyutoni 520 hivi, haibebi uzito wowote; kazi yake yote ni kuishindilia boriti ukutani. Waya unavutwa zaidi ya uzito wa vitu vyote kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu yake inakwenda upande ambao hakuna mzigo. Umewahi kuona watu wawili wamebeba ndoo moja ya maji, kila mmoja ameshika mpini kwa mkono mmoja. Wakitembea karibukaribu, kila mmoja anabeba nusu ya ndoo. Wakiachana hadi mikono ikanyooka pembeni, ndoo ni ileile lakini mabega yanalia, kwa maana sasa kila mmoja anamvuta pia mwenzake.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe, taratibu, kwa kuwa namna unavyoianza ndiyo inayoamua kama utaikosea. Chora boriti peke yake, bila ukuta na bila kibao, kisha weka juu yake kila nguvu inayoigusa. Uzito wa boriti, nyutoni 120, unashuka katikati yake, mita 1 kutoka kwenye bawaba, kwa kuwa boriti ni sawa unene kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzito wa kibao, nyutoni 300, unashuka kwenye mita 1.6. Mvutano wa waya, tuuite T, unapanda kwa mshazari kutoka kwenye ncha ya mita 2 kuelekea ukutani. Mwisho kuna nguvu ya bawaba, na hapo ndipo penye siri: bawaba inaweza kusukuma au kuvuta boriti kuelekea upande wowote, na mpaka sasa hatujui ni upande gani. Kwa hiyo usiichore ikiwa imeelekea juu kwa kubahatisha. Igawanye sehemu mbili, moja ya mlalo uiite H na moja ya wima uiite V, kisha uache milinganyo ikuambie.

Boriti imetulia, haisogei wala haizunguki. Kutosogea kunatupa masharti mawili, kwamba nguvu za mlalo zijifute na za wima zijifute. Kutozunguka kunatupa la tatu, kwamba jumla ya momenti kuhusu nukta yoyote iwe sifuri. Tuna vitu vitatu tusivyovijua, T, H na V, na masharti matatu, kwa hiyo swali linafunguka lote.

Tunaanza na momenti kuhusu bawaba kwa sababu H na V zote zinapita kwenye nukta hiyo. Hazina mkono wa kuzungushia, na zinaondoka kwenye mlinganyo bila kutusumbua. Inabaki T peke yake:

```
T × sin 30° × 2 = 120 × 1 + 300 × 1.6
T × 1 = 120 + 480
T = 600 N
```

Tukae kidogo kwenye ule upande wa kushoto, maana makosa mengi yanazaliwa pale. Mkono wa momenti ya waya si mita 2. Ni umbali wa pembe mraba kutoka kwenye bawaba hadi kwenye mstari wa waya. Chora mchoro wako kwa vipimo, sentimita 5 kwa kila mita, kisha weka rula kwenye bawaba na uizungushe mpaka ikutane na waya kwa pembe mraba. Utasoma sentimita 5, ambazo ni mita 1 kamili. Ndiyo 2 × sin 30°. Unaweza kuiona kwa njia mbili: ama T nzima mara mkono wa mita 1, ama sehemu ya wima ya T, nyutoni 300, mara mita 2 zote za boriti. Zote mbili zinatoa 600, na Mfaransa Pierre Varignon alishalieleza jambo hilo mwaka 1687: momenti ya nguvu ni sawa na jumla ya momenti za sehemu zake. Kosa ni kuzichanganya njia hizo mbili, yaani kuchukua T nzima ukaizidisha kwa mita 2. Ungepata nyutoni 300, jibu ambalo linaonekana la busara kwa kuwa ni dogo kuliko mzigo, na ungekata waya dhaifu mara mbili ya unavyotakiwa.

Angalia pia pembe imepimwa kutoka wapi. Wewe umesema nyuzi 30 kati ya waya na boriti, ndiyo maana tumetumia sini. Swali likisema nyuzi 30 kati ya waya na ukuta, pembe na boriti inakuwa 60, na hesabu inabadilika yote. Na kikokotoo kikikupa mvutano wenye alama ya kutoa, kitazame kwanza kabla ya kujilaumu. Kikiwa kimewekwa kwenye `RAD` badala ya `DEG`, sin 30 kwake ni −0.988, na hesabu iliyokuwa sawa inatoa waya unaosukuma.

Baada ya T, yaliyobaki ni mepesi. Kwa wima, bawaba inabeba kile ambacho waya haukukibeba. Kwa mlalo, bawaba inazuia kile ambacho waya unasukumia ukutani:

```
V = 420 − 600 × sin 30° = 120 N
H = 600 × cos 30° = 519.6 N
R = √(519.6² + 120²) = 533 N
tan θ = 120 / 519.6,  θ = 13°
```

Zile nyutoni 120 zako ni V. Ulichoacha ni H, na ukiitazama utaona kwamba H ndiyo kubwa, zaidi ya mara nne ya V. Bawaba haiibebi boriti kama mguu wa meza. Kazi yake kubwa ni kuisukuma itoke ukutani, kwa nyutoni 520, huku ikiiinua kidogo tu. Nguvu yake nzima ni nyutoni 533, nayo imeinuka nyuzi 13 juu ya boriti.

Kama bado moyo haujakubali kwamba H ipo, fanya jaribio hili leo usiku. Chukua mti wa ufagio, funga kamba kwenye ncha moja, na ncha nyingine iegemeze katikati ya kiganja chako cha kushoto. Mkono wa kulia ushike kamba juu ya kiganja hicho, kadiri ya nusu ya urefu wa mti, ili kamba iwe mshazari na mti ulale. Mwambie mtu aning'inize mfuko wa sukari wa kilo 2 karibu na ncha yenye kamba. Mfuko unavuta chini, lakini mti utaingia kiganjani kana kwamba unataka kukitoboa, na ukijaribu kukirudisha kiganja nyuma, mti wote utakifuata na kuanguka. Kiganja chako ndicho bawaba. Kile kinachokuuma ndicho H.

Nakushauri usiamini jibu lolote la aina hii kabla ya kulipima kwa njia ya pili, na njia ninayoipenda haihitaji T kabisa. Chukua momenti kuhusu nukta ya juu ukutani, pale waya ulipofungwa. Iko mita 2 × tan 30° juu ya bawaba, yaani mita 1.155. Waya unapita hapo, kwa hiyo hauna momenti. V nayo iko kwenye mstari uleule wa ukuta, haina momenti. Inabaki H × 1.155 = 600, na H inatoka 519.6 bila kuuliza waya chochote. Kisha chukua momenti kuhusu ncha ya boriti: V × 2 = 120 × 1 + 300 × 0.4 = 240, na V ni 120. Majibu yakikutana kwa njia mbili zisizotegemeana, unaweza kulala.

Ipo na njia ya macho, nayo inaeleza kwa nini ni lazima nguvu ya bawaba iwe ya mshazari. Unganisha uzito wa boriti na wa kibao uwe uzito mmoja wa nyutoni 420; utakaa mita 1.43 kutoka ukutani, kwa kuwa 600 ÷ 420 ni 1.43. Sasa boriti ina nguvu tatu tu: uzito huo, waya na bawaba. Kitu kinachotulia chini ya nguvu tatu zisizo sambamba ni lazima mistari ya nguvu hizo ikutane kwenye nukta moja, la sivyo mojawapo itakizungusha. Mstari wa waya na mstari wa uzito vinakutana sentimita 33 juu ya boriti. Basi mstari wa bawaba nao hauna hiari, lazima upite hapo. Ukiupima kwa rula na kipima pembe utapata nyuzi 13. Nguvu ya bawaba ingelala sawasawa na boriti endapo tu boriti isingekuwa na uzito na kibao kingening'inia kwenye ncha kabisa. Vitabu vingine huanza na mfano huo mwepesi, na mwanafunzi anatoka nao akidhani ndiyo kanuni.

Jambo moja zaidi la alama, kwa kuwa litakukuta kwenye mtihani. Tuseme waya haukufungwa kwenye ncha, umefungwa mita 1.2 kutoka ukutani, pembe ni ileile. Mlinganyo wa momenti unakuwa T × 0.5 × 1.2 = 600, na T inapanda hadi nyutoni 1000. Sehemu yake ya wima ni 500, ambayo imezidi mzigo wote, na V inatoka −80. Wengi huifuta ile alama ya kutoa wakidhani wameteleza. Usiifute. Inakuambia kwamba sasa bawaba inaivuta boriti chini, kwa maana waya umeishika karibu mno na ukuta na kibao kinataka kuibetua kama mzani.

Sasa tuje kwenye kibao chako halisi. Kwa mizigo hii na waya ukiwa kwenye ncha, sehemu ya wima ya waya ni nyutoni 300 daima, pembe iwe yoyote, na V ni 120 daima. Pembe inaamua kitu kimoja tu, yaani ni kiasi gani cha nguvu kitakwenda bure kuelekea ukutani. Kwa nyuzi 45, T ni 424 na H ni 300. Kwa nyuzi 30 tumeona, 600 na 520. Kwa nyuzi 15, T inaruka hadi 1159 na H hadi 1120. Niliwahi kuitwa kutazama kibao cha duka kilichoinamia njia ya watu baada ya kuning'inia miezi michache tu. Waya ulikuwa mzima na boriti nzima. Fundi alikuta dirisha mahali alipopanga kufunga waya, akateremsha bolti ya juu mpaka waya ukawa karibu kulala, na bolti ikachomoka na kipande cha plasta kikubwa kama sahani. Alikuwa amechagua bolti kwa kupima uzito wa kibao. Kwako, kwa nyuzi 30, bolti ya juu inavutwa itoke ukutani kwa nyutoni 520 na kuteremshwa kwa nyutoni 300 kwa pamoja, wakati bamba la chini linausukuma ukuta kwa nyutoni 520 zilezile. Ukiweza kupandisha waya ufike nyuzi 45 au zaidi, ipandishe. Ni msaada usiokugharimu ila kipande cha waya.

Kuna mahali hesabu hii yote inaacha kufanya kazi, na kwa kazi yako ni lazima ulijue. Tumesema bawaba, yaani pini inayoruhusu boriti kuzunguka. Kwa mazoea ya kuchomelea, bila shaka ungechomelea bomba moja kwa moja kwenye bamba na kulifunga bamba kwa bolti nne. Hapo si bawaba tena. Kiungo cha namna hiyo kinaweza kupinga kuzunguka chenyewe, kwa hiyo kuna kisichojulikana cha nne, momenti ya kiungo, na masharti yetu bado ni matatu. Mgawanyo wa mzigo kati ya waya na kichomeleo utategemea ugumu wa bomba, mnyumbuko wa waya, na hata ulivyoikaza ile skrubu ya kukazia waya. Kwenye bawaba halisi, kuikaza skrubu hiyo kunainua ncha kidogo na mvutano unabaki karibu uleule. Kwenye kiungo kilichochomelewa, kila mzunguko unaongeza mvutano, na huwezi kuujua kwa kalamu na karatasi hii. Ukitaka hesabu yako iwe na maana, tengeneza bawaba ya kweli: masikio mawili ya bamba na pini moja ya chuma iliyofungiwa isitoke.

Hata hivyo namba tulizopata ni za kitu kilichotulia siku isiyo na upepo. Upepo unakisukuma kibao kwa ubavu, upande ambao waya mmoja hausaidii lolote, na unakitikisa mpaka bolti zilegee. Kwa hiyo wala usinunue waya wa kuhimili nyutoni 600 kamili. Hizo ni nguvu za kila siku, na waya, vibano vyake na bolti vinatakiwa kuhimili mara kadhaa ya hizo. Ikiwa kibao kitaning'inia juu ya njia ya watu, au ukuta ni wa matofali yenye matundu, ya udongo au ya zamani yanayomomonyoka ukiyakwaruza kwa msumari, usikitundike kabla mhandisi wa majengo hajafika kuutazama ukuta huo kwa macho yake. Mpe karatasi yako yenye T, H na V, mwoneshe mahali pa bolti ya juu, na umwombe aanzie hapo.